Ukungu mweupe kuzunguka maandishi ya chini, TV ya Mini LED kwenye chumba cha giza: nizime "Local Dimming" au nipunguze mwanga?

#1 Kipanga_Usiku
Wakuu, habari za jioni. TV ni inchi 55, Mini LED, kioo ni VA, tangazo la muuzaji linasema kanda 480 za taa za nyuma na niti 1000. Mchana haina kasoro. Usiku, taa zote zikizimwa, filamu ya HDR yenye maandishi meupe chini kwenye ule mstari mweusi: maandishi yanazungukwa na ukungu wa kijivu wenye upana wa vidole vinne hivi. Maandishi yakitoweka, ukungu nao unatoweka baada ya kama nusu sekunde. Sasa hivi "Local Dimming" iko High na "Backlight" iko 100. Nianze kugusa wapi?

#2 Bwana_Nukta
Zima "Local Dimming", weka Off. Ukungu unaletwa na kanda kuwaka na kuzima. Bila kanda hakuna ukungu. Halafu shusha "Brightness" mpaka 40. Kazi imeisha.

#3 TausiMweusi
Mimi yangu pia ina hiyo shida, inchi 32, pembe ya chini kushoto kuna mwanga wa njano hauondoki hata picha ikiwa nyeusi tupu. Nimebadilisha seti zote, wapi. Kuna dawa?

#4 Taa_za_Nyuma
@TausiMweusi hilo ni jambo jingine. Ukungu wa mkuu wa #1 unakuja na maandishi na kuondoka nayo. Wako haubanduki kwa sababu taa zimepangwa ukingoni na fremu inabana kioo, mwanga unapenya pembeni. Hakuna seti ya kuuondoa. Kupunguza "Backlight" kutaufifisha, basi.

@Bwana_Nukta, nusu ya jibu lako ni sahihi na nusu itamharibia picha. Nieleze kwa hesabu ndogo.

Kioo cha VA hakizibi mwanga wote. Tuseme kinazuia kiasi kwamba mahali peusi panapitisha sehemu moja kati ya 4000 ya kile ambacho mahali peupe pangepitisha. Maandishi yakiwaka niti 800, weusi ulio jirani yake ndani ya ukanda uleule hauwi sifuri, unakuwa 800 gawanya kwa 4000, yaani niti 0.2. Kwenye chumba cha giza jicho linaiona hiyo bila taabu. Kanda za mbali taa zake zimezimwa kabisa, pale ni sifuri. Unachokiita ukungu ni tofauti kati ya 0.2 na sifuri.

Sasa ukizima "Local Dimming" huku "Backlight" iko juu, ile 0.2 haiondoki. Inasambaa kioo kizima. Ukungu umekuwa mkubwa kama TV yenyewe, ndiyo maana huoni tena mpaka wake.

Na "Brightness" kwenye TV nyingi haigusi taa za nyuma. Inasogeza kiwango cha weusi. Ukiishusha hadi 40 unazika nywele nyeusi, koti jeusi na kona za chumba kwenye filamu, na ukungu unabaki palepale. Angalizo: kwenye TV za Sony na Samsung za miaka ya karibuni neno "Brightness" ndilo linaloendesha taa za nyuma, na kwa Sony weusi uko chini ya "Black level". Kwa hiyo kabla ya kufuata namba ya mtu, sogeza kitelezi huku unatazama picha nyeusi yenye kitu cheupe. Cheupe kikififia sana, umeshika taa. Vivuli vikizama huku cheupe kikibaki vilevile, umeshika weusi, rudisha ulipokuta.

#5 Bwana_Nukta
Kwenye "Brightness" nakubali, nilichanganya. Lakini "Local Dimming" Off siiachii. Chukua taarifa ya habari au filamu ya kawaida isiyo HDR. Chumba cha giza kinahitaji niti 100 tu kwa weupe. 100 gawanya kwa 4000 ni 0.025. Kioo kizima kikiwa na 0.025, tena sawasawa, nani ataona? Mimi naona bora weusi uliotulia kuliko weusi unaopumua kila mtu akizungumza.

#6 Taa_za_Nyuma
Kwa SDR hapo una hoja, sikupingi. Studio wanatazama SDR kwenye niti 100 hivi ndani ya chumba hafifu, na hapo Off au Low ni chaguo halali kabisa. Tatizo ni HDR, na mkuu wa #1 ameuliza HDR.

#7 Kipanga_Usiku
Shukrani. Nimejaribu kwa HDR: nikishusha "Backlight" kutoka 100 hadi 30 ukungu unapungua sana, lakini filamu inakuwa kama imepigwa jioni. Nyuso zimezama.

#8 Mzee_Kobe
Ndivyo inavyotakiwa kuwa, kijana. Kwenye SDR ishara inasema "hapa weka asilimia 50 ya weupe wako", na weupe wako unaupanga mwenyewe. Kwenye HDR ishara inataja kiasi chenyewe: hapa niti 5, hapa niti 200, taa ya gari niti 900. Ukishusha taa hadi theluthi, uso uliopangiwa niti 60 unakuja na 20. TV haijui kwamba umezima taa za sebuleni.

Kwa hiyo kwa HDR acha "Backlight" juu, na uhangaike na vitu vingine viwili: chanzo cha maandishi na mwanga wa chumba.

#9 NyotaYaJaha
Niti 1000 kwenye giza ni kuumiza macho tu, nunua OLED muachane na habari za kanda. Pikseli inajizima yenyewe.

#10 Mzee_Kobe
@NyotaYaJaha OLED haina ukungu wa kanda, hilo halina ubishi. Lakini ameshanunua TV, ameuliza seti. Na hiyo 1000 haiwaki kioo kizima. Namba ya kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwenye dirisha dogo jeupe, mara nyingi asilimia 10 ya kioo, sehemu nyingine yote ikiwa nyeusi. Kioo kizima kikiwa cheupe, TV hiyohiyo inashuka, kwa sababu umeme na joto la taa vina mpaka. Na kwenye filamu, sehemu kubwa ya picha iko chini ya niti 200. Zile 1000 ni cheche, jua kwenye bati, balbu tupu.

#11 Kipanga_Usiku
Swali: maandishi yangu ni madogo, hayafiki hata asilimia 2 ya kioo. Kwa nini ukungu una upana wa vidole vinne?

#12 Taa_za_Nyuma
Kwa sababu taa haijui umbo la herufi. Inchi 55 ina upana wa sentimita 122 na kimo cha sentimita 68 na nusu. Kama kanda 480 zimepangwa 30 kwa 16, kila ukanda ni kipande cha sentimita 4 kwa 4 hivi, chenye pikseli zaidi ya 17,000 zinazotegemea mwanga uleule mmoja. Herufi moja ikigusa kona ya ukanda, ukanda mzima unawaka. Na mwanga wa taa haukatwi kwa wembe mpakani. Kati ya taa na kioo kuna nafasi na karatasi za kuusambaza, kwa hiyo unamwagikia jirani. Vidole vinne ni kipimo cha kawaida kabisa kwa TV kama yako.

Mstari mweusi nao unachangia. Filamu ya 2.39 kwa 1 kwenye kioo cha 16:9 inaacha mstari wa sentimita 9 hivi juu na chini. Maandishi yakiangukia humo, yanawasha kanda ambazo zingelala filamu nzima. Kama programu yako inaruhusu kupandisha maandishi, yaingize ndani ya picha. Pale kanda tayari zinafanya kazi na ukungu unajificha kwenye mwanga wa picha yenyewe.

#13 Chumvi_Kidogo
Nyongeza juu ya maandishi. Watu wanashauriana kuweka rangi ya njano. Haisaidii kitu! Njano ni nyekundu na kijani kwa pamoja, na hizo zinabeba zaidi ya asilimia 90 ya mwanga wa weupe. Weka kijivu. Kwenye Kodi ingia Settings, Player, Subtitles, chagua rangi "Light grey" au "Grey", na unaweza kushusha "Opacity" pia. Na kijivu cha katikati hakitoi nusu ya mwanga, kinatoa kama moja ya tano, kwa sababu ngazi za ishara hazipandi sawa na mwanga. Hesabu ya #4 ukiipitisha humo, ile 0.2 inashuka hadi 0.04 bila kugusa picha hata kidogo.

#14 Kipanga_Usiku
#13 umenisaidia mno. Kwa kijivu ukungu upo ila lazima niutafute. Kwenye Netflix sijaona kijivu.

#15 Chumvi_Kidogo
Netflix fungua akaunti kwa kivinjari, ingia kwenye profaili yako, tafuta "Subtitle appearance". Angalau punguza ukubwa wa herufi na uondoe kisanduku cha nyuma kama umekiweka cheupe. Herufi ndogo zinagusa kanda chache.

#16 Mwana_wa_Kaya
Mbona nikikaa katikati ya kochi ukungu ni mdogo na nikikaa kwenye kiti cha pembeni unakuwa mkubwa na wa samawati? TV ni VA pia.

#17 Taa_za_Nyuma
VA inaziba vizuri ukiitazama uso kwa uso. Ukienda pembeni mwanga unapita kwa mshazari ndani ya kioo na ile 4000 inaporomoka. Anayetazama filamu ya giza akae katikati. IPS inavumilia pembe zaidi, ila inaziba kama 1000 kwa 1 tu, kwa hiyo ukungu wake ni mkubwa hata ukiwa katikati.

#18 DaktariWaMacho_Siyo
Naomba niwape hoja ambayo hakuna aliyeigusa. Sehemu ya huo ukungu haiko kwenye TV kabisa. Iko ndani ya jicho. Kitu cheupe sana gizani, mwanga wake unatawanyika kwenye lenzi ya jicho, na mwenye miwani yenye alama za vidole anaona zaidi. Jaribu hivi: simamisha picha yenye maandishi, kata kadi nyembamba, inyooshe mkono mbele ya jicho moja ili izibe maandishi tu na kuacha weusi wa pembeni. Ukungu ukitoweka mara kadi inapoziba, ulikuwa wa jicho lako. Ukibaki pembeni mwa kadi, ni wa TV. Seti haiponyi jicho.

#19 Kipanga_Usiku
Nimejaribu sasa hivi kwa kadi ya vocha. Sehemu ya juu ya ukungu ilitoweka, ile pana iliyo chini ikabaki. Kwa hiyo vyote viwili?

#20 DaktariWaMacho_Siyo
Vyote viwili. Na ndiyo maana hata mwenye OLED anaweza kulalamika kidogo.

#21 NyotaYaJaha
Hiyo ya OLED sikubali, ila kadi nitaijaribu nikifika nyumbani.

#22 Mzee_Kobe
Hoja ya #18 inaniongoza kwenye dawa ninayoiamini kuliko zote: usikae kwenye giza tupu. Weka taa ndogo nyuma ya TV, isiyoonekana kutoka kwenye kochi, inayomulika ukuta. Rangi iwe nyeupe ya 6500K, siyo ya samawati wala ya kubadilika badilika, na mwanga wake ukutani uwe kama moja ya kumi ya weupe wa SDR wa kioo chako. Jicho halifunguki mpaka mwisho, na ile 0.04 inazama chini ya kile ambacho jicho linaweza kukibagua. TV haijabadilika hata chembe.

#23 Bwana_Nukta
Taa ya ukutani inaficha tatizo, haiondoi. Na kama ukuta ni wa bluu au wa kijani, rangi za picha zitaonekana zimepinda.

#24 Mzee_Kobe
Kuhusu rangi ya ukuta ni kweli, ukuta mweupe au wa kijivu ndio unafaa. Kuhusu kuficha: picha nzima inatengenezwa kwa ajili ya jicho. Kisichoonekana hakipo.

#25 Gemu_na_Chai
Mimi ukungu wangu unatokea kwenye gemu tu. Filamu iko safi, nikiwasha "Game Mode" kila nyota ina shela.

#26 Taa_za_Nyuma
Inatarajiwa. TV inahitaji muda kuipima picha kabla ya kuamua ukanda upi uwake kiasi gani. Kwenye "Game Mode" inakimbizana na rimoti ya gemu ili kusiwe na uchelewaji, kwa hiyo nyingi zinatumia hesabu nyepesi zaidi ya taa. Kwenye gemu jaribu Low. Utapoteza makali ya cheche.

#27 Chumvi_Kidogo
Hapa naona tofauti na wengi: siyo kwamba High ndiyo yenye ukungu siku zote. TV nyingine High inazima kanda kwa ukali mpaka nyota ndogo zinakufa, ukungu hamna lakini na nyota hamna. Nyingine High inasukuma nyota ing'ae na ukungu unaifuata. Ukitaka kujua yako ni ya aina gani, simamisha anga lenye nyota na uhesabu nyota ndani ya kipande kimoja kwenye Low, Medium, High. Idadi ikipungua unapopanda, TV yako inazika nyota.

#28 Kipanga_Usiku
Kipande kimoja: Low nyota 14, Medium 14, High 9. Medium basi?

#29 Taa_za_Nyuma
Kwa TV yako, ndiyo, Medium kwa HDR. Kama una laptopu na unataka kuona kanda zenyewe, tengeneza video hii, iweke kwenye flashi, kisha icheze kwenye giza:

```
ffmpeg -f lavfi -i color=black:s=3840x2160:r=30:d=42 \
 -f lavfi -i color=white:s=100x100:r=30:d=42 \
 -filter_complex "overlay=x=t*90:y=1030" \
 -pix_fmt yuv420p jaribio.mp4
```

Mraba mweupe unatembea taratibu kutoka kushoto. Usiutazame mraba, tazama ukungu. Mraba unateleza, ukungu unaruka, na kila mruko ni ukanda mpya. Kwa safu 30 utaona mruko kila sekunde 1.4 hivi. Kwa wima badilisha kuwa `overlay=x=1870:y=t*50`. Usipige picha kwa simu ukaileta hapa: kamera inaongeza mwanga gizani na ukungu unaonekana mara mbili ya ulivyo.

#30 Kipanga_Usiku
Nimerudia mara tatu. Mlalo nimehesabu 24, wima 14. 24 mara 14 ni 336. Muuzaji alisema 480.

#31 Bwana_Nukta
Umeuziwa maneno. Mrudie na video mkononi.

#32 Taa_za_Nyuma
Taratibu. TV nyingi zinalainisha mwanga kati ya kanda jirani ili miruko isionekane, kwa hiyo mbili zinaweza kuhesabika kama moja. Hesabu ya macho mara nyingi inakuja pungufu. Rudia na "Local Dimming" ikiwa High, na "Backlight" chini kidogo ili jicho lisilewe.

#33 Chumvi_Kidogo
Kulainisha kungempunguzia wima na mlalo kwa pamoja, na ingekuwa vigumu kupata 24 ileile mara tatu. Mimi naona 336 ndiyo kweli, na 480 ni ya toleo la inchi kubwa zaidi. Idadi ya kanda hubadilika na ukubwa wa kioo hata kwa jina lilelile la TV.

#34 Mzee_Kobe
336 au 480, kwa sentimita 5 au 4, maandishi yatakuwa na ukungu wake. Kipanga, taa ya nyuma umeiweka?

#35 Kipanga_Usiku
Bado, nitaipata Jumamosi. Kwa sasa: HDR "Backlight" 100, "Local Dimming" Medium, maandishi ya kijivu ndani ya picha. SDR "Backlight" 22, "Local Dimming" Low. Nikirudia hesabu kwa High nitaweka namba hapa. Na mwenye inchi 65 ya jina lilelile, tafadhali cheza video ya #29 utuambie unapata ngapi.

#36 Mwana_wa_Kaya
Ninayo ya 65. Umeme umekatika huku, ukirudi nahesabu.